Dada, bado ukurasa mmoja: barua kwa mshauri wangu

Mama, shikamoo.

Tulipoagana uliniomba nikuandikie mambo yalivyokwenda, tangu ile ndoto ilipoanza kunirudia hadi tasnifu ilipofika kwa watahini, ili ukipata mwanafunzi mwingine mwenye shida kama yangu umpe asome akiwa amekaa pale nje kwenye benchi. Sharti ni lile ulilolitaja mwenyewe: jina langu lisiwemo, wala la msimamizi wangu, wala la chuo. Mengine nimeyaacha kama yalivyo, hata yale tuliyobishana.

Nianze na ndoto yenyewe, maana atakayesoma atataka kujua kama inafanana na yake. Niko kwenye stationari moja karibu na geti. Nimempa kijana flashi yangu, ameichomeka, mashine inatema karatasi. Anazikusanya, anazigonga mezani zikae sawa, ananiuliza jalada niwekewe rangi gani. Kisha analowesha kidole, anahesabu. Akimaliza ananiambia kwa upole, "Dada, bado ukurasa mmoja." Nafungua kompyuta, natazama, kweli kuna pengo katikati ya sura ya nne. Nauandika ule ukurasa. Anachapa upya, anahesabu upya. "Dada, bado ukurasa mmoja." Nyuma yangu foleni inarefuka, na waliopanga foleni ni wenzangu tulioanza nao, kila mmoja amevaa joho. Hakuna anayenitukana. Kijana hana hasira wala haraka, na hilo ndilo lililokuwa likinitisha, kwa sababu nilikuwa najua kwamba atahesabu hivyo hivyo mpaka Kiyama. Nikizinduka taya zinaniuma kwa jinsi nilivyokuwa nimeyauma meno.

Kabla ya kuja kwako nilikuwa nimeishi na ndoto hiyo kwa muda mrefu, na sababu ya kuchelewa kuja haikuwa aibu peke yake. Mimi nimelelewa Tanga, kwenye nyumba ambayo ndoto mbaya haisimuliwi. Tulifundishwa tangu wadogo kwamba ukiota jambo la kuchukiza, uteme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, ujikinge kwa Mwenyezi Mungu, ugeukie ubavu mwingine, na usimweleze mtu, haitakudhuru. Nilikuwa nafanya hivyo na bado nafanya. Shida ni kwamba nilikuwa nikigeuka napata nafuu ya usiku ule tu, na wiki ijayo kijana wangu anarudi na karatasi zake. Mama yangu alipoona macho yangu yamevimba alidhani ni jinamizi, akanipigia simu kila jioni kunikumbusha kusoma Ayatul Kursi. Shangazi yeye alitaka kujua kama ndani ya ndoto kulikuwa na maji, maana kwake kila ndoto huanzia hapo.

Nilipomweleza mwalimu wangu wa madrasa kwamba chuoni kuna mshauri, akasema kwa maoni yake kumweleza tabibu kinachokuumiza si sawa na kukaa barazani kusimulia ndoto. Nikaja. Na neno lako la kwanza likaniondolea wasiwasi uliobaki. Ulisema, "Mimi sina elimu ya kutafsiri ndoto, na sitaitafsiri yako. Nataka kujua inaishia wapi, na unalala saa ngapi." Kwa anayesoma akiwa pale kwenye benchi: hutaulizwa ndoto yako ina maana gani. Utaulizwa maswali ya kuchosha kuhusu usingizi.

Maswali hayo nayataja kwa sababu nilifika nikiwa nimejiandaa kulia, nikaulizwa kuhusu chai. Uliuliza nakunywa nini baada ya magharibi. Ukauliza kama natumia dawa yoyote, ukaeleza kwamba zipo dawa zinazojulikana kuleta ndoto kali: meflokwini ya malaria, efavirenzi iliyotumiwa sana kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama propranololi. Mimi sikuwa natumia hata moja, ila uliniambia kwamba mtu akigundua ndoto zake zilianza wiki ile ile aliyoanzishiwa dawa, aende kumwambia aliyemwandikia, asiiache mwenyewe. Uliuliza kama nikizinduka huwa siwezi kusogeza mkono. Nikasema hapana, mwili ni wangu, ni moyo tu unaokimbia. Ukasema basi hilo si jinamizi, kwa sababu mwenye jinamizi huwa macho yameshafunguka na mwili bado umefungwa, na hilo lina njia yake nyingine.

Halafu tukafika kwenye saa. Nilikuwa nalala saa saba usiku baada ya kunywa kahawa, nimetega kengele ya simu ya saa kumi alfajiri ili niandike kabla ya kazi. Kengele ikilia naibonyeza ilale, inalia tena baada ya dakika tisa, naibonyeza, na mchezo huo unaendelea hadi adhana. Nilikuwa najivunia ratiba ile, nawaambia watu naamka saa kumi. Ukanichorea kwenye karatasi jinsi usingizi unavyokwenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kwamba ndani ya kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho yanacheza chini ya kope na ndoto ndipo zinakuwa nzito. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho ni kifupi. Kuelekea alfajiri kinarefuka. Kwa hiyo mimi nilikuwa naukata usingizi mahali ambapo ndoto ni nyingi, kisha narudi kuzamia humo humo kwa vipande vya dakika tisa, na kila kipande nazinduliwa nikiwa katikati ya ndoto, jambo linalomfanya mtu aikumbuke yote. Aliyelala hadi asubuhi huenda ameota vilevile, lakini hana habari.

Nilikubali kusogeza kengele hadi saa kumi na moja na nusu na kuamka mara moja, na kahawa ikaishia saa nane mchana. Ndoto zilipungua. Hazikuisha. Nasema hili kwa sababu rafiki yangu mmoja aliposikia habari ya kengele alidhani ndiyo tiba yote, na mimi pia nilitaka iwe hivyo, maana kubadilisha kengele ni rahisi kuliko kufungua sura ya nne.

Kazi ya pili uliyonipa ilikuwa daftari, na hapa ndipo tulipobishana. Uliniambia kila nikiota niandike mistari mitatu tu asubuhi: ndoto ilifika wapi, nilizinduka nikiwa na hisia gani, na jana yake nilifanya nini kwenye tasnifu. Mstari wa tatu niliuona ni wa kunisuta. Nilikuwa na hakika kwamba ndoto inakuja siku nilizokuwa mvivu, kwamba ni dhamiri inanichapa, na sikutaka kuandika "jana sikufanya kitu" na kukuletea usome. Ukasema kama ni hivyo daftari litaonyesha, na kama sivyo litaonyesha vilevile.

Lilionyesha kinyume kabisa. Siku nilizokuwa nimekaa bila kugusa tasnifu, nililala kama mtoto. Ndoto ilikuja baada ya siku za kazi nyingi, na si kazi yoyote, bali aina moja tu. Nikusomee mistari ya siku moja kama ilivyo daftarini: "Alihesabu mara nne, nikaanza kumwomba. Hasira, kisha uchovu. Jana nimempigia fundi wa Jibondo, amenipa majina sita mapya, nimeyaongeza." Ukifungua ukurasa mwingine, jana yake nilikuwa nimepata rekodi niliyoisahau kwenye simu, nikaiongeza. Mwingine, nimesoma makala mpya, nikaongeza. Neno "nimeongeza" lilikuwa limejaa daftari zima, na sikuliona hadi ulipolipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Inabidi nieleze tasnifu yangu ilihusu nini, kwa sababu bila hivyo msomaji hataelewa kwa nini kuongeza kulikuwa sumu. Nilikuwa nakusanya msamiati wa mafundi wa majahazi kwa ajili ya shahada ya umahiri ya Kiswahili. Mada yenyewe naipenda hadi leo. Fundi anaanza na mkuku chini, anasimamisha fashini mbele na nyuma, anapandisha mbao, anaingiza mataruma kuwa mbavu za chombo, anakalafati maungio kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, na kila kipande, kila kifaa, kila hatua ina jina. Pendekezo langu la utafiti lilisema nitakusanya "msamiati wa ujenzi wa majahazi katika pwani ya Tanzania." Lilipita bila swali. Hakuna aliyeniuliza pwani ya Tanzania inaanzia wapi na kuishia wapi, wala chombo kinaanzia wapi na kuishia wapi, na mimi sikujiuliza.

Nilianza Kilwa Kivinje. Nikapata orodha nzuri. Nikaenda Jibondo kule Mafia, ambako uundaji wa vyombo ni kazi ya watu wengi, nikakuta baadhi ya vitu vina majina mengine. Hapo nikaona kwamba nisipokwenda Nungwi orodha itakuwa na kasoro, nikaenda, kukawa na majina mengine tena. Halafu fundi mmoja akaniambia kwamba chombo bila tanga ni jeneza linaloelea, hivyo siwezi kuacha mlingoti na foromali na kamba zake zote. Nikaongeza matanga. Mwenye matanga akanipeleka kwa nahodha, nahodha akanipa majina ya pepo. Kila jina jipya lilibadilisha jedwali, jedwali lilibadilisha uchambuzi, uchambuzi ulibadilisha namba za kurasa. Sura ya nne ilifika kurasa 118 na bado haikuwa na hitimisho, kwa sababu kila nikilianza hitimisho simu inaita.

Wewe hukuwa unajua lolote kuhusu majahazi, na ulinichekesha ulipouliza kama mkuku ni mwanawe kuku. Lakini uliniuliza swali ambalo msimamizi hakuwahi kuniuliza: "Ukurasa unaokosekana unahusu nini? Ukimaliza kuuandika ndotoni, umeandika nini?" Nikanyamaza. Sikuwahi kuutazama. Ulinipa kazi ya kwenda kulala nikiwa na swali hilo, na sikupata jibu ndotoni, nilipata mchana nikiwa nakula. Ukurasa ule haukuhusu kitu. Ulikuwa mweupe. Ndotoni nilikuwa nauandika bila kujua unachotaka, na kwenye tasnifu nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba sura hii ikifika hapa imekwisha, kwa hiyo kijana wa stationari alikuwa na haki ya kusema bado mmoja.

Ulinieleza kidogo hapo kuhusu Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyechapisha mwaka 1927 utafiti wake kwamba watu hukumbuka zaidi kazi waliyokatizwa kuliko waliyoimaliza, na kwamba watafiti wengine wa karibuni wameona akili huacha kumsumbua mtu akishapanga kwa uwazi lini na vipi ataimaliza, hata kabla hajaimaliza. Mimi nilichukua hilo la pili. Sikuhitaji kumaliza tasnifu ili nilale. Nilihitaji iwe na mwisho.

Mwisho wa tasnifu hauwekwi na mwanafunzi peke yake, na wengi wanakwama hapa wakidhani shida ni bidii. Nilikuwa nimezoea kumpelekea msimamizi sura nzima na ujumbe wa "naomba maoni yako." Mtu mwenye wanafunzi wengi akipewa kurasa 118 na ombi la namna hiyo, ataziweka kando hadi apate nafasi, na nafasi haipatikani. Nilikuwa nasubiri miezi, na ndani ya miezi hiyo nafanya nini? Naongeza. Safari hii tulikaa mimi na wewe tukaandika ujumbe mwingine, na naunakili hapa kwa sababu wenzangu wawili wameshauazima:

"Shikamoo Mwalimu. Naomba idhini yako kwa mambo matatu kabla sijaleta sura ya nne. Kwanza, data iishie maeneo matatu niliyokwisha kufika: Kilwa Kivinje, Jibondo na Nungwi. Pili, nichambue majina ya sehemu za mwili wa chombo tu, kuanzia mkuku hadi sitaha. Matanga, kamba na pepo niyataje katika mapendekezo ya utafiti zaidi. Tatu, nisiongeze neno lolote nililolipata baada ya mwisho wa mwezi uliopita. Ukikubali, sura itakuwa na kurasa kama 60 na nitaileta baada ya wiki tatu. Kama kuna unalolikataa, naomba uniambie ni lipi kati ya haya."

Alijibu siku ya pili. Alikubali la kwanza na la tatu. La pili alilirekebisha, akasema mlingoti usiachwe kwa sababu unakaa ndani ya mwili wa chombo, nami nikaona ana haki. Jibu lenyewe lilikuwa mistari minne. Nililisoma nikiwa nimesimama kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Lakini kukubaliwa ni jambo moja na kukata ni jingine. Sehemu ya matanga ilikuwa na kazi ya mwaka mzima, na nauli ya boti, na siku nilizolala kwa watu. Nilihesabu gharama zake nikatamani nisingehesabu. Nilikuwa pia nimelipa ada ya kuongeza muda chuoni, fedha ambayo ilikuwa ya kodi ya chumba, na kaka yangu alinikopesha bila kuniuliza nitalipa lini. Ulinishauri nisifute, nihamishe. Nikafungua faili jingine, nikaliita "Matanga", nikapeleka kila kitu humo. Kila nikipata jina jipya kwa simu, linaingia kule. Na mafundi walikuwa bado wananipigia, Mama, ni watu wenye huruma, hawajui kwamba wananiua. Nilikuwa nawashukuru, naandika kwenye faili la Matanga, nafunga.

Sasa nije kwenye zoezi la kuibadilisha ndoto, kwa sababu ndilo watu wanaloniuliza zaidi na ndilo linalosikika kama uganga. Ulisema si lako. Linatumika kwa watu wanaorudiwa na ndoto mbaya, na daktari Barry Krakow na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 2001 matokeo yake kwa wanawake waliokuwa wamebakwa na kuandamwa na ndoto za kutisha, wakaonekana kupata nafuu. Nilipolisikia hilo nililiona zoezi ni zito kuliko shida yangu ya karatasi. Ukasema ndiyo maana mimi naweza kulifanya nyumbani, lakini mtu ambaye ndoto yake inarudia jambo lililompata kweli, ajali au kupigwa au kuvamiwa, asianze na ndoto hiyo akiwa peke yake chumbani; aanze na ndoto nyepesi, na awe na mtu wa kumsimamia.

Hatua zenyewe si nyingi. Unaiandika ndoto. Unachagua mahali pa kuibadilisha, popote unapotaka, na unaandika jinsi itakavyokwenda baada ya hapo. Kisha kila siku, ukiwa macho kabisa, unakaa mahali tulivu na kuipitisha ile ndoto mpya akilini kama mtu anayetazama, kwa dakika 10 hadi 20. Ile ya zamani huirudii. Hupiti mwanzo wake wa kutisha ili ufike kwenye mwisho mzuri; unaipitisha mpya peke yake.

Mara ya kwanza niliandika mwisho wa fahari. Kijana anafunga kitabu, kinang'aa, naingia ukumbini na joho, mama analia, watu wanapiga vigelegele. Nilijaribu kuipitisha picha hiyo na ikawa inaniponyoka kila ikifika kwenye joho. Usiku niliota ile ile ya zamani, tena foleni ikiwa ndefu zaidi. Nilipokuletea uliisoma ukauliza, "Hapa wewe umefanya nini?" Nikaangalia. Sikuwa nimefanya kitu. Kila kitu kilikuwa kimenitokea tu, kama ambavyo kwenye ndoto mbaya kila kitu kilikuwa kinanitokea. Zaidi ya hapo, sherehe ile ilikuwa mbali mno na maisha yangu ya wakati ule, akili haikukubali.

Ya pili ilikuwa ndogo. Kijana anahesabu, anasema, "Dada, bado ukurasa mmoja." Mimi nanyoosha mkono naweka kiganja juu ya rundo la karatasi. Nasikia joto lake, karatasi zilizotoka sasa hivi mashinani zina joto. Namwambia, "Bana hivyo hivyo." Anauliza, "Hivyo hivyo?" Nasema, "Ndiyo. Jalada jeusi." Anapeleka kwenye mashine. Natoa noti ya elfu kumi, nasubiri chenji. Basi. Hakuna vigelegele. Foleni ipo, watu wapo, ila mimi naitazama mashine.

Nilifanya zoezi hilo saa kumi jioni, kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba. Siku za mwanzo nilikuwa nalifanya kitandani kabla ya kulala, na lilinikosesha usingizi kwa sababu nilikuwa najipima kama limefanya kazi. Fanyeni mchana, na mkimaliza nendeni mkafanye jambo jingine, mimi nilikuwa naosha vyombo. Siku nyingine akili iligoma kabisa, nikaishia kusema yale maneno kwa mdomo, "Bana hivyo hivyo," jirani akauliza nazungumza na nani.

Ndoto haikukatika ghafla. Ilianza kulegea. Kwanza kijana akawa anasema bado mmoja na mimi ndani ya ndoto nikawa nakumbuka kwamba kuna jambo la kusema, ila silipati. Baadaye nikalisema, na akanijibu kwamba mashine ya kubania imeharibika. Nilizinduka nikicheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzinduka nacho kicheko. Kisha zikapita wiki bila kumwona. Siwezi kusema ni zoezi au ni ule ujumbe wa msimamizi au ni kengele. Vyote vilikwenda pamoja, na ukiniuliza nitoe kimoja sitatoa. Nadhani lakini kama ningefanya zoezi peke yake huku sura ya nne ikiendelea kumeza majina, kijana angerudi na sababu nyingine. Na kama ningepata mipaka ya sura bila zoezi, pengine ningelala vizuri taratibu tu.

Kuna jambo dogo la usiku ambalo bado nalifanya. Kabla ya kulala naandika kwa dakika 5 nitakachoanza nacho kesho, kwa maneno ya wazi. Siandiki "endelea na sura ya nne." Naandika "fungua jedwali la Jibondo, hakiki majina ya mbao za pembeni, andika aya ya kuyalinganisha na ya Kilwa." Uliniambia watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Marekani walilijaribu hili mwaka 2018, wakaona walioandika mambo yanayowasubiri walipata usingizi mapema kwa kama dakika 9 kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza, na kadiri orodha ilivyokuwa ya kina ndivyo usingizi ulivyowahi. Mimi sikuhesabu dakika. Nilichoona ni kwamba nikiandika kwa ujumla, nakesha nikijiuliza nilimaanisha nini.

Tasnifu iliwasilishwa ikiwa na kurasa 62 za sura ya nne. Wiki ya kuitetea kijana alirudi usiku mmoja, nikakuandikia nikiwa na hofu kwamba tumeanza upya. Ulinijibu kwa kisa cha Sigmund Freud, ambaye aliandika mwaka 1900 kwamba yeye mwenyewe aliendelea kuota mitihani ya botania, zoolojia na kemia, mitihani aliyoifaulu, na hakuwahi kuota ule wa tiba ya mahakama ambao kweli aliufeli. Sijui kama ni kanuni kwa kila mtu na wewe hukusema ni kanuni. Usiku ule lakini ilinitosha. Watahini waliniuliza kwa nini sikushughulikia matanga. Nilikuwa na jibu, lilikuwa limeandikwa kwenye mapendekezo, ukurasa wa mwisho. Wakanipa marekebisho ya wastani, mengi yakiwa ya jedwali na tahajia, na muda wa kuyafanya. Bado nayafanya, nalala saa nne na nusu.

Swali langu moja, Mama, na ndilo lililonifanya nisiicheleweshe tena barua hii. Yule kaka niliyekwambia, aliyehitimu zamani na sasa anafundisha sekondari Lindi, ameniambia kwamba naye mpaka leo anaota hajamaliza tasnifu yake, na cheti kimetundikwa ukutani. Yeye hana sura ya kukata wala msimamizi wa kumwandikia. Anataka nimfundishe zoezi kwa simu. Nimemuuliza maswali yako, kahawa, dawa, saa za kulala, na kwenye dawa akasita, akasema ameanzishiwa za shinikizo la damu mwaka huu ila hajui jina. Nimemwambia akaisome kwenye pakiti na asiiache. Nimpe zoezi wakati anasubiri kumwona daktari, au kwanza tujue ni dawa gani?